Kadi niliyolipia elfu 20 imekataliwa, sasa niende wapi?

Shikamoo dada. Mimi naishi Sombetini hapa Arusha, nilikuwa naendesha boda mpaka 2021 nikagongwa na fuso, mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Mwaka huu jamaa mmoja akaniambia atanitafutia kadi ya ulemavu, nikampa elfu 20 na picha mbili, akaniletea kadi nzuri tu ina picha na muhuri wa chama. Nimeenda nayo kuulizia mkopo wa asilimia 2 wananiambia hii siyo. Binti yangu kamaliza fomu siksi anaomba mkopo wa chuo, kaambiwa ulemavu wa mzazi unahesabika, nikampa kadi hiyo hiyo nayo imekataliwa. Nina barua ya hospitali niliyotibiwa ina muhuri wa mganga, nayo wanasema haitoshi. Na sensa ya 2022 walikuja nyumbani wakaniandika kabisa kwamba sina mguu, sasa si nilishasajiliwa? Kadi yenyewe inaanzia wapi dada?
Baba Neema

Marahaba mdogo wangu, pole na mguu na pole na elfu 20.

Nianze na sensa maana hilo naulizwa sana. Sensa haikukusajili. Yule karani aliuliza maswali, unaona vizuri, unasikia, unatembea, unakumbuka, akajaza kwenye kishikwambi chake akaondoka, na zile taarifa kisheria ni siri, zinatumika kutoa takwimu tu, hakuna afisa wa halmashauri anayeweza kufungua akatafuta jina lako humo. Kwa hiyo kwa serikali ya mtaa wako, mpaka leo wewe ni kijana wa boda aliyepata ajali, basi, labda mwenyekiti anakujua kwa sura lakini kwenye daftari haupo.

Na hiyo kadi uliyonayo usiichane. Kama chama chenyewe ni cha kweli hiyo ni kadi ya uanachama, ina kazi yake, chama kinakuita kwenye mikutano, kinakusemea, siku nyingine kinajua baiskeli za miguu mitatu zinagawiwa wapi kabla hujasikia wewe. Ila uanachama ni kitu kimoja na usajili ni kitu kingine, na huyo jamaa alijua tofauti yake vizuri sana ndo maana hakukupeleka ofisi yoyote. Usajili wa serikali hauna dalali. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, imeweka kazi ya kuwatambua na kuwaandika watu wenye ulemavu kwa serikali za mitaa, na mtu akikwambia kuna "hela ya kadi" muulize risiti ya serikali yenye namba ya malipo uone atakavyoanza kutafuta funguo za pikipiki yake.

Sasa mlolongo wenyewe. Watu wengi wanaanzia juu wakitafuta kadi, wakati kadi ndo ya mwisho, inayoanza ni daftari la mtaa. Nenda kwa mtendaji wa mtaa wako, sio mwenyekiti peke yake, mtendaji, ukiwa na kitambulisho cha NIDA au namba yake, picha za pasipoti kama nne hivi, na nakala ya makaratasi yako ya hospitali. Mwambie nataka kuandikwa kwenye rejista ya watu wenye ulemavu na naomba barua ya kunitambulisha kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Sema hivyo hivyo, maana ukisema "nataka kadi" atakwambia hapa hatutoi kadi na atakuwa sahihi. Ukimaliza muombe akuonyeshe jina lako lilivyoandikwa. Usione aibu, simama hapo hapo usome.

Nasisitiza hilo la jina kwa sababu lilinitesa mwenyewe. Mimi nina polio tangu utotoni, natembelea fimbo, na mara ya kwanza naandikwa mtendaji aliandika Mariamu kama tunavyotamka, NIDA yangu inasema Mariam, hakuna u. Herufi moja. Nilipofika ofisi ya juu nikaambiwa huyu ni mtu mwingine, rudi kwenu, na kurudi kwetu kwa mguu wangu ule na daladala zile ni safari ya siku nzima, nikarudi, mtendaji yuko likizo. Wiki tatu kwa herufi moja. Kwa hiyo kila karatasi unayopokea, iwe ya mtaa, ya ustawi, ya daktari, iweke pembeni ya NIDA yako linganisha herufi kwa herufi kabla hujatoka mlangoni. Na najua wewe mtaani ni Baba Neema, hospitali unaweza kukuta ulipelekwa hujitambui ukaandikwa jina alilotaja abiria wako au mwenzako wa kijiweni. Hii inatokea sana kwa watu wa ajali! Kama barua yako ya hospitali ina jina lisilofanana na NIDA, rudi masijala ya hospitali na namba ya faili lako warekebishe kwanza, au ukaape kwa wakili hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Ukilipuuza hili, yote ninayoandika hapa chini yatakwama.

Ukishapata barua ya mtaa unaenda Ustawi wa Jamii. Wewe upo Jiji la Arusha kwa hiyo ni Ustawi wa halmashauri ya Jiji, lakini uliza kwanza kata yenu kama ina afisa wake, kata nyingine wanao, itakupunguzia nauli. Huyu ndo mtu wako mkubwa kwenye jambo hili lote. Atakuhoji, unaishi na nani, unafanya kazi gani, unatumia kifaa gani, atakuandika, halafu atakupa barua au fomu ya kwenda nayo hospitali ukapimwe. Na hapa ndo ulipokosea mwanzoni bila kujua, ulipeleka karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa ajili ya matibabu. Ile inasema uliingia tarehe fulani, ukafanyiwa upasuaji, ukatoka tarehe fulani, endelea na kusafisha kidonda. Inaeleza ajali yako. Ulemavu wako haujaelezwa popote.

Sheria yetu haiangalii kidonda kilikuwaje. Inaangalia ulichopungukiwa katika kushiriki maisha kama wenzako. Kwa hiyo daktari akiandika "alipata ajali ya pikipiki, amekatwa mguu" amesema kweli ila ameandika nusu. Anatakiwa aseme ni ulemavu wa viungo, mguu wa kushoto, umekatwa chini ya goti, ni wa kudumu, anatumia mguu bandia au magongo, na hawezi kufanya nini. Hapo kwenye hawezi kufanya nini umsaidie, maana daktari hakai na wewe nyumbani. Mwambie unatembea umbali gani kabla kigutu hakijaanza kuuma. Mwambie ngazi unapandaje. Mwambie usiku ukienda chooni unaruka au unatambaa, maana mguu bandia unavuliwa usiku na watu wanasahau hilo. Na mwambie kazi yako ilikuwa boda, na gia ya pikipiki inakanyagwa kwa mguu wa kushoto, huo huo uliokatwa. Mimi sijawahi kuendesha pikipiki ila mdogo wangu ni boda wa Kwa Mrombo ndo alinielekeza hili, na ni sentensi moja tu lakini afisa akiisoma anaelewa kwa nini mtu mwenye mikono miwili mizima amekaa nyumbani.

Siku ya kwenda kupimwa vaa suruali inayopanda kirahisi au bukta ndani, nenda na mguu wako bandia kama unao, pamoja na zile soksi za kigutu. Daktari aone kigutu chenyewe. Kama kimesinyaa na mguu umekuwa unalegea, unachezacheza, unajaza soksi tatu ndo ukae, au una kidonda pale kinapogusa, hilo nalo aliandike maana ni sehemu ya hali yako ya leo. Kigutu husinyaa baada ya upasuaji kwa hiyo mguu wa kwanza mara nyingi haudumu, unahitaji kutengenezewa mwingine au kurekebishwa, na kwa huku kwetu kaskazini watu wa miguu bandia wanaenda KCMC Moshi, pale pale ndo kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa hivyo viungo. Usijikaze mbele ya daktari. Sisi tumezoea kuonyesha tunaweza, unafika pale unatembea kwa madoido kama hakuna kitu, daktari naye anaandika anatembea vizuri. Tembea unavyotembea jioni ukiwa umechoka.

Kuna mtu anasoma hapa mguu wake haukukatwa, ulivunjika una vyuma. Kwako wewe daktari anaweza akasema subiri, na sio roho mbaya, mfupa unaoendelea kuunga hawezi kuuita wa kudumu. Kwa Baba Neema hakuna cha kusubiri, mguu hauoti.

Haya, sasa muhuri, jambo lililokukwamisha kwa binti. Watu wanachanganya waganga. Pale hospitali mkuu wa hospitali anaitwa Mganga Mfawidhi, na muhuri ulio kwenye barua yako bila shaka ni wa kwake au wa idara. Mganga Mkuu wa Wilaya ni mtu mwingine kabisa, huyo anakaa halmashauri, anasimamia afya ya eneo zima, kwa hapa mjini mnamwita Mganga Mkuu wa Jiji. Juu yake kuna Mganga Mkuu wa Mkoa, naye yuko mkoani. Bodi ya mikopo, HESLB, kwenye ulemavu wa mwombaji au wa mzazi wanataka ile fomu yao ya ulemavu ithibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Kwa hiyo hata barua yako ingeandikwa na profesa, bila muhuri wa mmoja wa hao wawili inarudi.

Fanya hivi ili usizunguke mara mbili. Binti achukue ile fomu ya ulemavu ya HESLB mapema, aichapishe, uende nayo siku hiyo hiyo unayopeleka ripoti yako ya daktari kwa Mganga Mkuu wa Jiji. Ripoti ndo ushahidi, yeye anaangalia ripoti, anakuangalia wewe, anajaza sehemu yake, anagonga. Ukiwa pale pale mpe na ile fomu ya Ustawi kama nayo inahitaji kugongwa. Safari moja karatasi mbili. Halafu mwambie binti aangalie muhuri unasomeka kabla hajaskani, nimeona fomu muhuri umeganda wino umekuwa doa la bluu, hakuna anayejua ni muhuri wa mganga au wa duka la dawa. Na awe anahakiki cheti chake cha kuzaliwa RITA wakati wewe unashughulika na mguu, maana HESLB wanataka kilichohakikiwa, na jina lako kwenye hicho cheti nalo ulilinganishe na NIDA, ndo hapo u yangu inarudi tena.

Elewa pia kwamba ulemavu wa mzazi unaongeza uzito kwenye kupima uhitaji wa mtoto, haumpi mkopo papo kwa papo. Bado ataangaliwa sifa zingine zote na lazima aombe dirisha likiwa wazi. Dirisha la mikopo halikusubiri wewe upate kadi, kwa hiyo kama muda umebana, fomu ya mganga itangulie, kadi itafuata. HESLB hawakudai kadi, walidai fomu. Hilo ni jambo ambalo ungejua mapema usingetoa hata hiyo elfu 20.

Baada ya mganga unarudi Ustawi na ripoti iliyogongwa. Hapo ndo unakamilishwa, taarifa zako zinatoka kwenye daftari la mtaa zinakaa halmashauri, na Ofisi ya Waziri Mkuu ina kanzidata ya watu wenye ulemavu nchi nzima, kwa hiyo muulize afisa waziwazi, "nimeingizwa kwenye mfumo?" Akikwambia ndio, muombe namba yako ya usajili uiandike nyuma ya fotokopi ya NIDA. Kitambulisho kikichelewa, usikae nyumbani ukikisubiri. Muombe barua ya Ustawi ya kukutambulisha yenye jina, aina ya ulemavu, saini na muhuri, na uombe zaidi ya moja. Hiyo ndo ya kutembelea nayo, na halisi usimwachie mtu, acha fotokopi. Weka kila kitu kwenye faili moja la plastiki, mama Neema ajue lilipo.

Kwenye ule mkopo wa asilimia 2 ulibisha mlango ambao sio, au uliingia mlango sahihi na karatasi ambayo sio. Ustawi wanakutambua, ila mikopo ni ya watu wa Maendeleo ya Jamii, anza na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Hizi fedha zinatoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, hazina riba, zilisimamishwa 2023 zikarudi 2024 na utaratibu mpya wa uhakiki, ndo maana siku hizi wanakagua karatasi kama wanatafuta noti bandia. Zamani vikundi hewa vilikula hela wakaondoka, tunaolipia ni sisi. Ukienda na barua ya Ustawi na ripoti ya mganga watakuuliza kitu kimoja zaidi, biashara gani, na hapo usiseme "biashara ndogondogo".

Nikupe wazo, ukiona halifai liache. Ulisema mguu wa kushoto, na wa kulia mzima. Bajaji klachi na gia ziko kwenye mkono wa kushoto, breki ni ya mguu wa kulia. Mtu aliyekatwa mguu wa kushoto anaweza kuiendesha ilivyo, bila kubadilisha chochote, na barabara za Sombetini unazijua kuliko mimi. Kamuombe rafiki yako mwenye bajaji ukajaribu uwanjani kwanza kabla hujaandika andiko. Ingekuwa wa kulia ningekwambia mengine, mambo ya fundi kuhamisha breki.

Mwisho kuna jambo moja la kadi ambalo wengi wanaumia nalo. Ukiishika usiende nayo hospitali ukidhani bili imefutika. Msamaha wa matibabu unaangalia kama una uwezo wa kulipa au huna, na anayeupitisha ni afisa ustawi wa pale hospitali, kila hospitali kubwa ina ofisi yao. Kadi au barua inakusaidia kujieleza, na ile ya mtendaji inayosema huna kipato inakusaidia zaidi. Nenda kwao kabla ya kutibiwa, ukifika siku ya kuruhusiwa bili imeshakuwa ndefu na wewe unashikilia kadi, mazungumzo yanakuwa magumu.

Na yule jamaa wa elfu 20, kamuulize ana risiti gani. Akirudisha hata kumi, ndo nauli yako ya kuzunguka ofisi hizi. Jumatatu asubuhi kwa mtendaji, fika kabla ya saa tatu, baada ya hapo huwa wanaitwa kwenye vikao.